Faida ya Vitabuni na Fedha Mkononi: Kupima Mradi Kabla ya Kuutia Mtaji

Wengi wetu tumefundishwa kuandika hesabu za mwaka uliokwisha. Leo nataka tuzungumzie hesabu za miaka ambayo haijafika.

Nia yangu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba kipimo kinachopendwa zaidi kwenye maandiko ya miradi yetu, yaani kiwango cha faida ya kihasibu, kinaweza kuuweka mradi mbaya juu ya mradi mzuri, hata pale ambapo kila tarakimu iliyomo ni ya kweli na mhasibu hajadanganya popote. Kisha nitaonyesha fedha taslimu inavyopima miradi ileile, na mahali ambapo nayo inahitaji uangalifu.

Kiwango hicho hupatikana hivi. Unachukua faida ya kila mwaka wa mradi baada ya kutoa uchakavu, unatafuta wastani wake, kisha unaugawa kwa wastani wa mtaji uliowekezwa. Mashine ya shilingi milioni 100 inayochakaa sawasawa hadi sifuri ina wastani wa milioni 50 katika maisha yake. Faida ya wastani ikiwa milioni 10, kiwango ni asilimia 20. Ni hesabu ya dakika mbili, inatoka moja kwa moja kwenye vitabu tulivyovizoea, na jibu lake linafanana na riba ya benki. Kufanana huko ndiko kunakotuponza, maana riba ya benki huhesabiwa juu ya fedha halisi kwa tarehe halisi, na kiwango hiki hakijui tarehe.

Mfano tutakaotembea nao

Tuchukue kikundi cha wawekezaji Singida. Mfano ni wa kubuni, lakini mwenendo wa biashara zake mnaufahamu. Wameletewa maandiko mawili. La kwanza ni kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti, la pili ni mashine za kukoboa na kusaga mahindi. Kila mradi unahitaji mashine za shilingi milioni 100, zitafanya kazi miaka mitano, na mwishoni hazitauzika. Uchakavu basi ni milioni 20 kila mwaka kwa kila mradi. Kodi naiacha kando kwa sasa ili tuone jambo lenyewe bila ukungu.

Kiwanda cha mafuta huanza polepole. Chapa haijulikani, alama ya ubora ya TBS inasubiriwa, wauzaji wa jumla wanajaribu katoni chache. Kabla ya uchakavu, faida yake inakadiriwa kuwa milioni 20 mwaka wa kwanza, kisha 26, 36, 48, na mwaka wa tano 60. Ukitoa uchakavu unabaki na sifuri, 6, 16, 28 na 40. Jumla ni milioni 90, wastani milioni 18 kwa mwaka.

Kinu cha mahindi ni kinyume chake. Wateja wapo tangu siku ya kwanza, wanakuja na ndoo na magunia yao, wanalipa wakiondoka. Lakini mashine huzeeka, matengenezo huongezeka, na jirani naye atafungua kinu chake. Kabla ya uchakavu kinaleta milioni 40, kisha 36, 32, 28 na 24. Baada ya uchakavu ni 20, 16, 12, 8 na 4. Jumla milioni 60, wastani milioni 12.

Gawanya kwa milioni 50. Kiwanda cha mafuta kina asilimia 36, kinu cha mahindi asilimia 24. Kwenye mkutano mkuu mjadala ungeishia hapo, na makofi yangepigwa kwa mafuta.

Hoja ya kwanza: vitabu huandika mauzo, si malipo

Kanuni za uhasibu zinataka mauzo yaandikwe pale mteja anapochukua mzigo na kuumiliki, hata kama atalipa baada ya miezi mitatu. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kazi yake. Inatuonyesha biashara ya mwaka huu imefanya kazi kiasi gani, bila kujali mteja ana tabia gani ya kulipa. Hali kadhalika alizeti iliyonunuliwa ikakaa stoo haiwi gharama mpaka mafuta yake yauzwe. Fedha imeshaondoka, lakini kwenye taarifa ya faida bado haijaonekana.

Sasa tazameni kiwanda cha mafuta. Mbegu za alizeti hupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu wakati wa mavuno. Mkulima anataka fedha mkononi, na kiwanda kinacholipa kesho hakipati mbegu. Kwa hiyo kiwanda kinanunua kwa miezi michache mbegu ya kukamua muda mrefu. Upande wa pili wauzaji wa jumla na shule za bweni wanachukua mafuta kwa mkopo, na wafugaji wakubwa wanachukua mashudu kwa ahadi. Fedha inakwama pande zote mbili, stoo na kwa wadaiwa.

Tukadirie kwamba kiwanda kinahitaji milioni 20 za akiba ya mbegu kabla hata ya kuwasha mashine. Mwaka wa kwanza milioni 15 zaidi zinakwama kwa wadaiwa na stoo. Halafu, kadiri mauzo yanavyokua, zinakwama milioni 5 nyingine kila mwaka, wa pili, wa tatu na wa nne. Jumla ni milioni 50. Zote tutazikusanya mwaka wa tano, stoo ikiisha na wadaiwa wakilipa, na hapo tunakadiria kwa ukarimu mkubwa kwamba kila mdaiwa atalipa.

Tukiziandika fedha zinazoingia na kutoka, kwa mamilioni ya shilingi, picha ni hii:

| Mwaka | Kiwanda cha mafuta | Kinu cha mahindi |
|---|---|---|
| Mwanzo | −120 | −100 |
| 1 | 5 | 40 |
| 2 | 21 | 36 |
| 3 | 31 | 32 |
| 4 | 43 | 28 |
| 5 | 110 | 24 |

Naomba mtulie kidogo kwenye mstari wa mwaka wa kwanza. Vitabu vinasema kiwanda kimeleta milioni 20 kabla ya uchakavu. Kwenye akaunti ya benki kuna milioni 5. Zile 15 zipo, ni mali halali, mkaguzi atazithibitisha, lakini huwezi kulipia umeme kwa deni la muuzaji wa jumla wa Dodoma.

Uchakavu nao unafanya jambo kama hilo upande mwingine. Milioni 20 zinazokatwa kila mwaka hazilipwi kwa mtu yeyote, kwa kuwa fedha ya mashine ilitoka yote siku ya kununua. Ndiyo maana katika jedwali sikuutoa uchakavu. Ningeutoa, ningekuwa nimeihesabu mashine mara mbili, mwanzoni kwa ukamilifu wake na baadaye vipande vipande. Kosa hilo hutokea sana, hasa mtu anapochukua faida halisi kutoka kwenye andiko na kuiita fedha inayoingia. Dalili yake ni rahisi kuiona: uchakavu umetajwa kwenye jedwali la fedha na haukurudishwa.

Hoja ya pili: wastani hufuta wakati

Geuzeni faida za kiwanda cha mafuta ziwe 40 mwaka wa kwanza na sifuri mwaka wa tano. Wastani unabaki milioni 18, na kiwango kinabaki asilimia 36. Kipimo hakioni tofauti yoyote. Mtu aliyekopa ili kuanzisha mradi anaiona mara moja.

Njia inayoeleweka zaidi ya kuupima wakati, kwa maoni yangu, ni daftari la mkopo. Tuseme kikundi kinakopa fedha zote kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, na kila shilingi inayotoka kwenye mradi inapelekwa kulipa deni. Mwaka wa kwanza deni la kiwanda cha mafuta ni milioni 120, na riba yake ni milioni 19.2. Mradi umetoa 5. Deni halipungui, linapanda hadi milioni 134.2. Mwaka wa pili riba ni kama milioni 21.5, mradi umetoa 21, deni linapanda tena kidogo. Miaka miwili kikundi kimefanya kazi usiku na mchana, vitabu vya mradi, kabla ya riba, havijaonyesha hasara hata mwaka mmoja, na benki inadai zaidi ya siku ya kwanza.

Kuanzia mwaka wa tatu deni linaanza kushuka. Linafika kama milioni 125, kisha 102. Mwaka wa tano inaingia ile milioni 110, stoo imeuzwa na wadaiwa wote wamelipa. Baada ya kuongeza riba ya mwaka huo, kikundi bado kinadaiwa milioni 8.6. Mashine zimekwisha, mradi umefungwa, deni limebaki. Huu ndio mradi wa asilimia 36.

Fanyeni vivyo hivyo kwa kinu cha mahindi. Deni la milioni 100 linakuwa 116 baada ya riba, linalipwa 40, linabaki 76. Mwaka wa pili linabaki milioni 52, wa tatu 28.5, wa nne 5. Mwaka wa tano deni linafutika katikati ya safari na kikundi kinabaki na milioni 18 zake mwenyewe.

Kile wahasibu wanachokiita thamani halisi ya sasa ni daftari hilohilo likisomwa kutoka upande wa mwanzo. Badala ya kukuza deni mbele kwa asilimia 16, unazirudisha fedha za baadaye hadi leo kwa kuzigawa. Milioni 40 za mwaka wa kwanza zinagawanywa kwa 1.16, milioni 36 za mwaka wa pili zinagawanywa kwa 1.16 mara mbili, na kuendelea hivyo. Ukijumlisha na kutoa mtaji wa mwanzo, kinu cha mahindi kina thamani ya sasa ya milioni 8.6 juu ya gharama yake, na kiwanda cha mafuta kina upungufu wa milioni 4.1. Wazo hili si jipya. Mchumi wa Marekani Irving Fisher alilieleza kwa kina mwaka 1930, na mwaka 1951 Joel Dean akawaandikia mameneja namna ya kulitumia katika kuchagua miradi.

Mtu anaweza kuuliza: na kama hatukukopa, tumechanga wenyewe? Swali ni zuri, na jibu ni kwamba fedha ya wanachama nayo ina mahali pengine pa kwenda. Ingeweza kununua hati fungani za serikali, au kukopeshwa wanachama wengine kwa riba. Kile ambacho ingepata huko, kwa hatari inayolingana, ndicho kiwango cha punguzo. Kuandika sifuri kwa sababu benki haikuhusika ni kusema kwamba fedha ya mwanachama haina thamani.

Hoja ya tatu: kigawanyo kiko mikononi mwa mhasibu

Nimegawa kwa milioni 50. Mwingine angegawa kwa mtaji wa mwanzo, milioni 100, akapata asilimia 18. Mwingine, makini zaidi, angeongeza zile fedha zilizokwama stoo na kwa wadaiwa kwenye mtaji, na kiwango kingeshuka zaidi. Vitabu vya kufundishia vyenyewe havikubaliani juu ya fomula moja. Kwa hiyo mnapoletewa kiwango cha faida ya kihasibu, swali la kwanza liwe: umegawa kwa nini? Asiyejibu kwa sentensi moja arudishwe na andiko lake.

Tatizo la kina zaidi ni kwamba thamani ya kitabuni hushuka kila mwaka, na hivyo kiwango hupanda hata kama mradi haukuboreka. Kiwanda cha mafuta mwaka wa tano kinaanza na mashine zenye thamani ya kitabuni ya milioni 20. Faida ya mwaka huo ni milioni 40. Ukipima kwa mwaka mmoja, ni asilimia 200. Meneja anayelipwa marupurupu kwa kipimo hiki hatataka kamwe kununua mashine mpya, kwa sababu siku atakayoinunua kigawanyo kitapanda kutoka 20 hadi 100 au zaidi, na sifa yake itaanguka. Mkiona kiwanda chenye mitambo michakavu sana na viwango vya kupendeza sana kwenye ripoti, tazameni hapo kwanza.

Nitoe jambo moja linalonipendeza katika mfano wetu, na wanafunzi waliopo watalichukua wakalijaribu. Kinu cha mahindi kila mwaka kinapata faida ya asilimia 20 ya thamani ya kitabuni ya mwanzo wa mwaka huo: 20 juu ya 100, 16 juu ya 80, 12 juu ya 60, 8 juu ya 40, 4 juu ya 20. Marejesho yake ya kweli kwa fedha taslimu, yaani riba ambayo mradi ungeweza kuilipa na kubaki bila deni wala ziada, nayo ni asilimia 20 kamili. Hapa vitabu na fedha vimekubaliana. Vimekubaliana kwa sababu hakuna fedha iliyokwama, na kwa sababu faida ilishuka sambamba na thamani ya mashine. Kwa kiwanda cha mafuta marejesho ya kweli ni kama asilimia 15. Vitabu vilisema 36 kwa 24, fedha inasema 15 kwa 20.

Hadi hapa nimemchukulia mhasibu kuwa mwaminifu. Asipokuwa mwaminifu, kigawanyo na uchakavu ni vifaa vya kazi. Mwaka 2002 kampuni kubwa ya simu ya Marekani, WorldCom, ilikiri kwamba gharama za takriban dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa kama mali badala ya matumizi. Nyingi zilikuwa ada ilizolipa kampuni nyingine kwa kutumia njia zao za mawasiliano, gharama za kila siku kabisa. Zikiandikwa kama mali, haziingii kwenye faida ya mwaka ila kidogo kidogo kupitia uchakavu. Hasara ikageuka faida kwa kuhamisha namba kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Waliogundua ni wakaguzi wa ndani wakiongozwa na Cynthia Cooper, na mwezi Julai mwaka huohuo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika.

Hapa nawasihi wahasibu wenzangu wasikilize kwa makini. Ujanja ule ulipandisha pia fedha inayotokana na shughuli za kawaida, kwa sababu malipo yalihamia kwenye fungu la uwekezaji. Aliyetazama fungu la shughuli za kawaida peke yake alidanganyika vilevile. Fedha iliyotoka mlangoni haikubadilika hata senti. Ndiyo sababu katika kupima mradi tunajumlisha kila kitu, cha uendeshaji na cha uwekezaji, bila kujali kinaitwaje.

Hoja ya nne: fedha nayo ina mipaka yake

Sitaki mtoke hapa mkidhani faida ya vitabuni haina kazi. Ukitaka kujua mwaka uliopita ulikwendaje, ni bora kuliko fedha taslimu. Biashara inaweza kuonekana ina fedha nyingi Desemba kwa sababu tu haijawalipa wakulima. Gawio na kodi vinaanzia kwenye hesabu za faida. Na benki nyingi huweka masharti yao juu ya mizania, kwa hiyo mradi mzuri kwa fedha lakini wenye hasara ya vitabuni miaka miwili ya mwanzo unaweza kukuvunjia mkataba wa mkopo. Hilo lazima lipimwe kando.

Miongoni mwa vipimo vya fedha, kile cha muda wa kurudisha mtaji ndicho chepesi zaidi. Kinu cha mahindi kinarudisha milioni 100 ndani ya mwaka wa tatu, yapata mwezi wa tisa. Kiwanda cha mafuta hadi mwisho wa mwaka wa nne kimerudisha 100 kati ya 120, na zilizobaki zinategemea wadaiwa wa mwaka wa tano. Kwa kikundi kidogo kipimo hiki kina faida kubwa ya kuonyesha hatari, lakini hakioni kinachokuja baadaye. Mradi wa miti ya mbao ungekataliwa kila mara.

Na thamani ya sasa yenyewe inategemea makadirio. Kiwango kikiwa asilimia 14 badala ya 16, kiwanda cha mafuta kinavuka sifuri na kukubalika. Hivyo mwamuzi asipewe jibu moja. Apewe jibu la asilimia 16, la 14 na la 18, na kando yake aulizwe jambo ambalo kwa kiwanda hiki lina uzito kuliko riba: je, wauzaji wa jumla wakikubali kulipa nusu wanapochukua mzigo, kinachokwama kinapungua kiasi gani? Milioni 15 za mwaka wa kwanza zikiwa 5 badala yake, na fedha hizo 10 zikatufikia mwaka wa kwanza na si wa tano, thamani ya sasa inaongezeka kwa karibu milioni 3.9. Upungufu wa milioni 4.1 unabaki kama laki mbili. Mashine hazijabadilika, bei haijabadilika, faida ya vitabuni haijasogea hata shilingi. Kilichobadilika ni mkataba wa mauzo. Mazungumzo na wanunuzi, yaliyoonekana kuwa kazi ya afisa masoko, yamekuwa ndiyo uamuzi wa uwekezaji.

Tunakokwenda

Ndugu Mwenyekiti, kwa mikutano mikuu ijayo napendekeza kila andiko la mradi liwe na kurasa mbili za hesabu. Ukurasa wa faida ubaki kama ulivyo. Ukurasa wa pili uonyeshe fedha kwa mwaka, ukiwa na mstari wake wa stoo na wadaiwa, na daftari la mkopo chini yake hadi deni liishe au lishindwe kuisha. Mjumbe asiyejua fomula yoyote anaweza kulisoma daftari hilo na kuona mwaka gani deni linapanda.

Baada ya mapumziko tutarudi kwenye kodi niliyoiacha kando, maana hapo uchakavu, ambao leo nimesema si fedha, huanza kugusa fedha kupitia kodi tunayolipa. Kiwango cha kodi ya makampuni ni asilimia 30, na tutaona kinavyobadilisha jedwali letu mstari kwa mstari. Walio na maandiko ya miradi ya vyama vyao mkononi nawaomba wayaweke mezani mapema, ili tuanze na lile lenye wadaiwa wengi zaidi.